Waraka kwa wachomaji na wakaangaji: paja lichanwe kabla ya kupigwa picha

Ndugu wanachama,

Jumamosi iliyopita nililetewa kwenye simu picha mbili za mapaja ya kuku, zote na swali moja: "Katibu, hili limeiva?" Oda ilikuwa ya harusi na gari lilikuwa limeshafika. Picha ya kwanza ilitamanisha: ngozi rangi ya asali, alama za wavu zimekaa sawasawa, mafuta yanametameta. Ya pili ilikuwa ya paja lililochanwa, na kando ya mfupa palikuwa na wekundu. Wengi wetu tungelipeleka la kwanza harusini na kulirudisha la pili jikoni. Tungekosea kotekote.

Nilimwomba mwenye paja la kwanza apitishe kisu kando ya mfupa mpaka kwenye goti, aipanue nyama, apige picha tena. Ngozi ile nzuri ilikuwa imefunika ubichi. Nyama ya ndani iling'aa kama jeli, ikapenyeza mwanga kidogo, haikuonyesha nyuzi, na ilikuwa imeng'ang'ania mfupa. Kipimajoto kilisoma nyuzi 61, na sisi tunataka 74 katikati ya nyama. Alipoulizwa, akaeleza: kuku alitoka kwenye friza asubuhi hiyo na barafu ya ndani haikuwa imeisha, akapakwa asali mapema, akawekwa juu ya makaa makali. Sukari hushika rangi na kuanza kuungua wakati joto bado linahangaika kufika mfupani. Wakaangaji msijione mmesalimika. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi hupaka nyama rangi ya kahawia upesi vilevile, na unga wa juu ukishakauka huficha kila kitu.

Paja la pili lilikuwa na wekundu, lakini nyama yake ilikuwa imefifia, haing'ai, nyuzi zinaachana, na imejivuta ikaacha kichwa cha mfupa wazi. Kipimajoto kilisoma 82. Wekundu ule ulitoka kwenye uboho. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki chache tu, mifupa yake bado ina vitundu, na akigandishwa uboho huvuja zaidi na kutia rangi nyama iliyo jirani. Hata ukimchoma mpaka akauke, doa lile halitoki. Kuna pia wekundu mwingine wa kuchoma kwa mkaa: utepe mwembamba chini tu ya ngozi, unaoletwa na gesi za moshi. Kwa hiyo wekundu peke yake usiwatishe. Tazameni uko wapi, kisha tazameni nyama yenyewe kama inang'aa kibichi au imekuwa na nyuzi.

Mimi mwenyewe nimewahi kumrudisha mwenzetu jikoni mara mbili kwa sababu ya paprika aliyoitia kwenye viungo vya kulowekea. Kuku alikuwa mwekundu tangu yuko kwenye beseni. Aliishia kuuza nyama kavu kama kamba, na lawama ni yangu.

Kuhusu maji yanayotoka nyama ikichomwa kwa uma: tulifundishwa kwamba yakiwa maangavu kuku ameiva, na yakiwa ya waridi bado. Yananisaidia kidogo tu. Maji maangavu huweza kutoka kwenye nyama ambayo haijafika nyuzi 74, na nyama iliyoiva vizuri huweza kutoa ya waridi kutoka kwenye uboho. Nikiona kwenye picha maji mazito mekundu yametuama penye goti na nyama yake inang'aa, hapo nasema bado, bila kusita.

Mwanga nao hudanganya. Taa ya njano ya kibandani humfanya kuku mbichi aonekane amepata rangi, na mmweko wa simu hufanya nyama iliyoiva ing'ae kama mbichi. Tangu sasa, chukueni kipande kinene kuliko vyote, kichaneni mpaka kwenye kiungo, kiwekeni kwenye sahani nyeupe, na mpige picha kivulini mchana, bila kichujio cha kurembesha. Sahani ikionekana ya njano au ya waridi, nitajua rangi ya kuku nayo si ya kuaminika.

Hata hivyo, kwa picha naweza kuwaambia "bado". "Tayari" sitamwambia mtu tena kwa picha. Hilo litasemwa na kipimajoto, ncha yake ikiwa katikati ya nyama bila kugusa mfupa, maana ukigusa mfupa kipimo hakiaminiki. Kipande kikionekana bado, msikiweke kando mkimalizie jioni. Punguzeni moto, mkichanje kando ya mfupa, kirudi jikoni hapo hapo mpaka kiive.

Kipimajoto cha kikundi kiko kwa mweka hazina. Anayekichukua aoshe ncha kwa sabuni na maji ya moto kila anapoitoa kwenye nyama ambayo haijaiva, kabla ya kuichomeka kwenye iliyoiva.

Katibu