Elit, lakini mshahara ni ule ule

Wengi wanatuuliza: nimepata Elit, mbona pesa haikuongezeka? Tupige hesabu.

Tuseme kazini kuna dola 300 za primu kwa watu 4. Elit anahesabiwa sehemu 3, Bon sehemu 1. Elit akiwa mmoja, sehemu zote ni 6, naye anachukua dola 150. Wote 4 wakiwa Elit, sehemu ni 12, kila mtu anapata 75. Mfuko ni ule ule.

Mshahara ni jambo lingine. Sisi walimu tunalipwa kufuatana na gradi. Alama inakaa kwenye dosie. Pesa inabadilika gradi mpya ikisha kutiwa sahihi na kuingia kwenye listi ya malipo. Hapo ndipo dosie nyingi zinalala.