Wateja wawili, wote namba 417

Kuna kinyozi wa Donholm alikatiwa waifai na alikuwa amelipa. Meseji ya M-Pesa anayo, 1,500, akaunti 417. Mimi ndiye niliyeshika simu siku hiyo, na nikamjibu vile tulivyoambiwa tujibu kila mtu: "Mfumo hauoni malipo yako." Pesa zake zilikuwa zimeingia kwa mama wa saluni Umoja, ambaye pia ni 417. Mama alikuwa ameongezewa mwezi wa bure, na aliyezidishiwa hapigi simu kulalamika, si mnajua.

Wiki mbili kabla, kampuni mbili ndogo za waifai zilikuwa zimeungana, yetu ya Umoja na hiyo ya Donholm. Kila moja ilikuwa na databesi yake, na kila databesi ilianza kuhesabu wateja kutoka 1. Hiyo namba ndiyo praimari kii: ndani ya tebo moja haiwezi kurudiwa. Sisi tulikuwa tumefika 900 hivi, Donholm 1,300. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa, databesi yenyewe ilijaribu kutuokoa. Jamaa aliyepewa kazi alipomwaga wateja wa Donholm ndani ya tebo yetu, MySQL ilikataa na kusema `Duplicate entry`. Akaona hiyo ni kero, akabadilisha amri ikawa `INSERT IGNORE`. Kosa likanyamaza. Kile amri hiyo hufanya ni kuruka kila safu yenye namba iliyopo tayari, inakuachia onyo tu ambalo hakusoma. Wateja 900 wa Donholm wakaachwa nje, 400 wa mwisho wakaingia. Alipokagua alitazama mwisho wa orodha, akawaona, akaenda zake lanchi. Sisi tulianza kuwasikia wale wengine mmoja mmoja, kadiri vifurushi vyao vilivyokuwa vinaisha.

Watu wengi huniambia dawa ni rahisi: ongeza 100,000 kwa kila namba ya Donholm. Ndani ya databesi ni sawa, mradi uongeze pia kwa malipo na kila tebo inayomtaja mteja. Lakini kinyozi haishi ndani ya databesi. Yeye ataendelea kuandika 417 kwa simu yake, kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Kwangu mimi hapo ndipo mchezo wote ulipo. Namba 417 haikuwahi kumtosha mtu peke yake. Ilikuwa 417 *ya peibili fulani*, na bosi alipofunga peibili ya Donholm ili aokoe gharama, alitupa nusu ya namba.

Kwa hivyo ningeacha peibili zote mbili wazi, nimpe kila mteja namba mpya ya ndani, kisha niweke tebo ya kukumbuka alikotoka:

```sql
CREATE TABLE ramani (
  tawi CHAR(1),
  id_zamani INT,
  id_mpya INT,
  PRIMARY KEY (tawi, id_zamani)
);
```

Pesa ikiingia, peibili inakuambia tawi, akaunti inakuambia namba ya zamani, ramani inakupa mtu. Malipo ya zamani nayo yanapitia hapo hapo. Ukimaliza, linganisha idadi ya malipo na jumla ya shilingi, kabla na baada. Ikipungua hata mia moja, kuna malipo ambayo mteja wake hayuko kwa ramani, na hufungui ofisi kabla hujayapata.

Halafu kuna wale walio pande zote mbili. Ofisi ilitaka tuwaunganishe kwa namba ya simu usiku huo huo. Nilikataa, na bado nakataa. Kwanza Umoja waliandika 0712, Donholm wakaandika +254712, kwa hivyo lazima ulinganishe tarakimu tisa za mwisho. Hata zikifanana, simu si mtu. Tulikuwa na keateka aliyesajili nyumba sita kwa simu yake moja. Ukimfanya mteja mmoja mwenye laini moja, nyumba moja ikichelewa kulipa, sita zinazimika.

Simu kufanana ni sababu ya kumpigia mtu umuulize, basi. Akisema ni yeye, namba zake mbili za zamani zielekezwe kwa `id_mpya` moja, lakini kila laini ibaki na malipo na deni lake. Na usifute safu za zamani. Ukikosea na ulizihifadhi, unawatenganisha kwa dakika chache. Ukizifuta, huo ni ugali tayari, huwezi kurudisha unga.

Kinyozi tulimrudishia siku zake baada ya siku nne. Mwezi uliofuata bosi akaniuliza kama tumkate mama wa saluni ule mwezi wa ziada. Nikamwambia yeye hakuandika `IGNORE`.