Fundi, gauni la elfu mbili linakukula

Wacha niseme kitu kitakachokera watu wa motisha: kumwambia kila msichana mwenye cherehani aache "kazi ndogo ndogo" na awe dizaina ni ushauri mbaya. Wengi mnaouandika hamjawahi kukaa na fundi na saa mkononi. Mnaona gauni la kitenge kwa picha, mnasikia bei ni 2,000, halafu mnaona jirani yake anakunja pindo la suruali kwa 100, mnaamua wa gauni ndiye ameomoka. Si kweli. Bei ya kazi haikuambii umepata nini. Kinachokuambia ni pesa inayobaki kwa kila saa mikono yako imeshikwa na hiyo kazi.

Tupige hesabu pamoja. Hizi ni namba za mfano, mahali uko weka zako.

Mteja analeta kitambaa chake, anataka gauni la kitenge lenye laining. Mnaelewana 2,000. Kuongea, kuangalia picha kwa simu yake na kumpima, dakika 40. Kukata kitenge na laining, saa moja. Kushona, saa nne. Anakuja kujaribu, kifua kinabana, unafumua na kushona tena: saa moja na nusu. Kumalizia na pasi, nusu saa. Hapo ni saa saba na dakika arobaini. Toa 350 ya laining, zipu na uzi, unabaki na 1,650. Gawanya: kama 215 kwa saa. Na hiyo ni kama amekuja kujaribu mara moja tu. Akirudi tena kusema mikono imekuwa mirefu, ukaongeza saa moja na dakika ishirini, umeshuka hadi 183.

Sasa njoo kwa pindo. Mtu amenunua suruali ya mitumba, ni ndefu. Anaivaa na viatu atakavyotembea navyo, unaweka alama ya chaki, unaacha kama sentimita nne za kukunja, unakata, unapitisha ovaloki, unapiga pasi, unashona. Dakika 15, 100 bob. Toa tano ya uzi, unabaki na 95. Zikiwa nne ndani ya saa, hiyo ni 380.

Kupunguza kiuno cha suruali ya kitambaa, ile ya ofisi, ni tamu pia. Nyingi za wanaume zina mshono katikati kwa nyuma unaopita hadi kwa mkanda wa kiuno, kwa hivyo unafumua hapo nyuma tu, unaingiza ndani, unashona. Nusu saa, 200 bob. Kwa saa ni kama 390.

Mmeona? Ile kazi mnayoidharau inalipa karibu mara mbili ya gauni.

Lakini msinielewe vibaya. Sisemi kila kazi ndogo ni nzuri. Kuna kazi ndogo za uongo, na hizi ndizo huua mafundi polepole. Mfano ni zipu ya koti. Mteja anasema, "Ni zipu tu, fundi." Mnaelewana 300. Zipu yenyewe umenunua 100. Kufumua ile ya zamani bila kurarua laining, kulinganisha pande mbili ili kola isipishane, kushona, ni saa moja na robo. Umebaki na 200, ambayo ni 160 kwa saa. Hiyo ni mbaya kuliko hata gauni! Kiuno cha jinzi pia ni mtego. Mkanda wake wa kiuno kwa kawaida ni kipande kimoja, hauna mshono nyuma, kwa hivyo lazima utoe kishikio cha mshipi na pengine ile lebo ya nyuma, uukate mkanda, uunganishe tena, na hapo penye unene sindano nyembamba inavunjika. Ukichukua kwa 200 kama suruali ya ofisi, umejiibia. Sema 400, ama mwache aende.

Kwa hivyo swali halipaswi kuwa kazi ni kubwa ama ndogo. Jiulize: nitafumua kiasi gani, na mteja atarudi mara ngapi? Kufumua hakuna anayekulipia, na mteja akirudi kujaribu anakula muda ambao haukuwa kwa bei. Pindo halina mambo hayo mengi. Gauni na koti yamejaa.

Najua jibu lenu: "Sawa, lakini pindo hazijazi siku." Hapo mna pointi, na ni ya maana. Jumamosi karibu na soko la mitumba unaweza kupata pindo nane na viuno vinne. Hiyo ni saa nne, na umebaki na 1,540, karibu pesa ya gauni lote. Jumanne ikifika unapata pindo tatu, umemaliza kwa dakika 45, una 285, halafu cherehani imenyamaza. Kodi ya kibanda hainyamazi.

Lakini angalia hiyo inamaanisha nini. Inamaanisha gauni ni la kujaza mapengo ya Jumanne. Halifai kuwa kazi ya kukalia Jumamosi huku watu watatu wenye suruali wakichungulia mlangoni, wakiambiwa "kuja kesho", na kwenda kwa fundi mwingine. Chukua gauni, lakini mwambie mteja ni wiki moja, chukua nusu ya pesa kabla mkasi haujagusa kitambaa, na useme mapema kwamba kujaribu ni mara moja, baada ya hapo marekebisho yanalipiwa. Akikataa, amekuonyesha mapema vile kazi yake ingeenda.

Na hizo pindo usizingoje tu. Ongea na muuza suruali wa karibu. Yeye hupoteza mauzo kila mara mteja akisema "ni ndefu sana." Akijua kuna fundi hatua ishirini kutoka kwake anayekunja mtu akingoja, ana sababu ya kukutumia watu bila hata kumpa komisheni.

Kitu kingine ni rangi ya uzi. Fundi akishona suruali nyeusi, halafu ya bluu, halafu nyeusi tena, kila mara anabadilisha uzi wa juu na bobini. Dakika tatu hapa, tatu pale. Ukibadilisha mara kumi kwa siku umepoteza nusu saa, ambayo ni pindo mbili. Zile ambazo mteja hangoji, panga kwa rangi: nyeusi zote kwanza, halafu bluu, halafu kaki.

Kwa hivyo, fundi, usichukue neno langu wala la mtu wa motisha. Chukua daftari la shule. Kwa wiki moja, kila kazi andika vitu vitatu: umelipwa ngapi, vifaa ni ngapi, na dakika zote, zikiwemo za kuongea na za kufumua. Jumapili toa vifaa, gawanya kwa muda. Kazi mbili za juu, andika kwa kibao nje kwa herufi kubwa. Kazi mbili za chini, ongeza bei Jumatatu asubuhi.

Na wewe unayemwambia aache pindo awe dizaina, mwombe kwanza akuonyeshe hilo daftari.