Magoli mengi si feza rahisi

Juma hili kijana mmoja wa kambini alinionyesha tiketi ya pari ya mpira wa mkono kwenye simu yake. Aliniambia: «Kaka, huku magoli ni mengi, mwenye nguvu anajulikana. Ni feza ya bure.» Ninampinga, na nitaeleza sababu.

Kumbukeni Januari 2021 kule Misri, Kongo yetu ilipocheza Kombe la Dunia la wanaume. Argentina ilitushinda 28 kwa 22. Siku mbili baadaye Denmark ilitushinda 39 kwa 19. Kila mtu alijua Denmark itashinda, na kwa sababu hiyo mchezesha pari haulizi nani atashinda. Anaipa timu dhaifu magoli ya kuanzia, ndiyo hendikapu. Tuseme aliipa Kongo magoli 20 na nusu. Denmark ilishinda kwa 20, kwa hiyo aliyeiwekea Denmark alipoteza kwa goli moja tu. Kama angeitoa 19 na nusu, angelipwa.

Na goli hilo moja linatoka wapi? Mechi ina dakika 60, na kila timu inashambulia mara hamsini hivi. Mechi ikiisha kuamuliwa, kocha anawapumzisha wakali wake na kuingiza wa akiba. Tena tangu 2016 ni rahisi zaidi kwa kocha kumtoa kipa ili apate mshambuliaji wa saba. Mpira ukipotea, mpinzani anatupia goli tupu kutoka mbali. Dakika hizo za mwisho hazibadilishi mshindi wa mechi, lakini ndizo zinazoamua tiketi yako.

Jumla ya magoli nayo ni mtego uleule. Mechi ya kwanza ilitoa magoli 50, ya pili 58. Timu ni ileile yetu, lakini aliyepima ya pili kwa kutazama ya kwanza alikosea kwa magoli manane. Hata netiboli iko hivyo: fainali ya Kombe la Dunia la 2023, Australia ilishinda Uingereza 61 kwa 45. Pengo la 16 kati ya magoli 106, nani angelikisia?

Sasa hesabu ya mchezesha pari. Tuseme pande zote mbili analipa 1.85. Weka franka 1000 mara mia moja, ushinde mara hamsini: umetoa 100.000, umerudishiwa 92.500. Ili upate faida unapaswa kushinda mara 55 kati ya mia. Ni nani kati yetu anayemjua kipa wa akiba wa Denmark kiasi hicho?

Mchezesha pari hahitaji kujua nani atashinda. Anahitaji tu wewe uamini kwamba unajua. Kijana wangu, hizo franka 1000 ni unga wa watoto leo jioni. Tutazame mpira wa mkono, tushangilie, lakini unga ubaki nyumbani.