Milango ya Fahamu Si Mitano Tu

Tangu shule ya msingi twafundishwa kwamba milango ya fahamu ni mitano. Mimi naona fundisho hilo lifaa liongezewe neno: "kwa binadamu".

Katika Mto Naili yuko samaki aitwaye jimnarkasi. Mkiani mwake hutoka umeme hafifu, yapata mara 300 kwa sekunde, ukamzunguka majini. Kitu kikiwa karibu, umeme ule hubadili njia, na ngozi yake huyahisi mabadiliko hayo.

Mwaka 1958 wataalamu wawili wa Uingereza, Lissmann na Machin, walimjaribu kwa vyungu viwili vipenyezavyo maji kama mtungi. Kimoja kilikuwa na maji matupu, cha pili kilikuwa na maji na kijiti cha kioo. Kwa nje vilifanana. Samaki alizoezwa kula penye chungu cha maji matupu, naye akakitambua, maana kioo hakipitishi umeme.

Kijiti hakukiona wala hakukigusa, kwa kuwa kilikuwa ndani ya chungu. Na asemaye kwamba alikinusa, na atueleze: kioo kina harufu gani?