Onyesheni fomula, acheni mamilioni
Safu ya Rehema Mdoe

Matangazo mengi ya kozi za mtandaoni yanafanana: kijana, gari zuri, na sauti inayoahidi milioni mbili kwa mwezi. Mtazamaji hana namna ya kuipima ahadi hiyo. Kazi ikifanywa mbele ya macho yake, anaipima papo hapo.

Wenzetu Marekani ahadi za namna hiyo zimeshawatokea puani. Mwaka 2023 kampuni ya Lurn, iliyouza mafunzo ya biashara za mtandaoni, ilikubali kulipa dola milioni 2.5 baada ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, kuituhumu kutoa ahadi za kipato zisizo na msingi. Kujificha nyuma ya maandishi madogo ya "matokeo hutofautiana" nako hakusaidii. Kwa mwongozo wa FTC wa mwaka 2009, anayetangaza kwa ushuhuda wa mwanafunzi aliyevuka wenzake anatarajiwa kueleza pia kile ambacho wanafunzi wa kawaida hupata.

Sasa tuseme mtu anauza kozi ya Excel kwa wenye maduka, na tangazo lake ni la sekunde 45. Skripti ianze na daftari la mauzo, kisha mauzo yale yale kwenye skrini: bidhaa safu ya B, fedha safu ya C. Unga umeuzwa mara tatu, kwa shilingi 24,000, 18,000 na 30,000. Mwanafunzi, si mwalimu, anaandika:

```
=SUMIF(B2:B200,"Unga",C2:C200)
```

Jibu linakuja 42,000. Sauti inauliza, "Mbona pungufu?"

Hapa ndipo wauzaji wengi wangekata picha, na hapo ndipo wangepoteza sehemu bora ya tangazo. Mwanafunzi anabofya mauzo ya tatu ya unga na kukuta nafasi tupu baada ya neno "Unga". Macho hayaioni, lakini kwa Excel hiyo ni bidhaa nyingine, kwa hiyo 30,000 zimeachwa nje. Anaifuta, jumla inakuwa 72,000. Mwenye duka aliyewahi kukesha akitafuta hesabu isiyolingana hahitaji kuambiwa faida ya somo hilo.

Sekunde zinazobaki zitaje bei, idadi ya masomo na kifaa kinachohitajika. Kama mazoezi yanataka kompyuta, isemwe, maana anayelipia kwa simu akakwama somo la pili atadai fedha zake. Kisha sauti ifunge: "Tunafundisha kupanga mauzo na kukagua jumla. Hatutoi ajira wala hatuahidi kipato. Somo hili lote liko wazi bure; lijaribu kwa daftari lako kabla ya kulipa."

Mwenye kozi anaweza kulalamika kwamba maneno hayo yatafukuza wateja. Yatawafukuza, hasa wale waliofuata milioni mbili.