Pakiti Ni Moja, Walaji Ni Wangapi?

Katika maduka mengi ya mtaa wa Gatina, jijini Nairobi, wavu wa chuma humtenga mnunuzi na bidhaa. Unataja unachotaka, unapitisha pesa kwenye kijidirisha, na pakiti inakufikia mkononi ikiwa imeshakuwa yako. Anayetaka kusoma jedwali la virutubishi lililochapishwa nyuma yake husoma baada ya kulipa. Nauanza mjadala huu kwenye wavu kwa sababu wanaoandika sheria za lebo humfikiria mtu aliyesimama supamaketi na pakiti mbili mikononi, akilinganisha. Kwa mkazi wa Gatina, mara nyingi swali linaanzia nyumbani: hiki nilichokwisha kununua kina chumvi au sukari kiasi gani, na sisi tutakaokila tuko wangapi?

Jedwali hujibu swali hilo kwa njia ya kuzunguka. Kwa kawaida lina safu mbili za tarakimu. Moja huhesabu kwa kila gramu 100 za chakula, au mililita 100 za kinywaji. Nyingine huhesabu kwa kipimo cha mlo mmoja, na kipimo chenyewe hutajwa juu ya jedwali, pamoja na idadi ya milo iliyomo. Wengi hudhani kipimo hicho ni ushauri wa daktari kuhusu kiasi kinachofaa kuliwa. Sivyo. Mwongozo wa kimataifa wa Codex kuhusu lebo za virutubishi, uliopitishwa mwaka 1985, unaruhusu tarakimu za mlo mmoja mradi idadi ya milo ndani ya pakiti itajwe, lakini hausemi mlo wa tambi au wa biskuti uwe gramu ngapi. Pasipo sheria ya nchi inayoweka kiwango, mtengenezaji ndiye anayeamua.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu za kawaida. Ni pakiti ya tambi za haraka, zile ambazo mtaani huitwa indomie hata zikiwa za kampuni nyingine, yenye uzito wa gramu 120. Juu ya jedwali imeandikwa kwamba mlo mmoja ni gramu 60. Safu ya mlo inaonyesha sodiamu miligramu 720, na safu ya gramu 100 inaonyesha miligramu 1,200.

Anza na uzito wa pakiti, ugawanye kwa uzito wa mlo: 120 kwa 60 ni milo miwili. Kijana anayetoka kazini na kuimaliza peke yake amekula milo miwili, kwa hiyo sodiamu yake ni 720 mara mbili, yaani miligramu 1,440. Sodiamu si chumvi yote bali ni sehemu yake. Ili kupata chumvi, zidisha kwa 2.5, nawe utapata miligramu 3,600, yaani gramu 3.6. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Sahani moja ya jioni imechukua zaidi ya theluthi mbili za kiasi hicho, ilhali jicho lililotua kwenye 720 liliona nusu tu ya hali halisi.

Kabla ya kuiamini hesabu hiyo, ipime kwa safu ya pili. Gramu 60 ni asilimia 60 ya gramu 100, na asilimia 60 ya 1,200 ni 720, kwa hiyo safu zimekubaliana. Zisipokubaliana, mara nyingi safu moja imehesabiwa kwa tambi kavu na nyingine kwa tambi zilizopikwa na kunywa maji, au kiungo cha kwenye kifuko kimeachwa nje. Mtego huo uko pia kwenye juisi ya kuchanganya na maji: tarakimu zinaweza kuwa za glasi iliyokwisha kuongezwa maji kwa kipimo cha kampuni, na anayependa juisi nzito hupata sukari zaidi ya ile iliyoandikwa. Tafuta maneno madogo yanayosema kama hesabu ni ya kabla au baada ya kuandaa. Na ukipunguza nusu ya kiungo cha tambi, usihesabu kwamba umeondoa nusu ya chumvi, kwa kuwa tambi zenyewe zina chumvi yake.

Sasa ichukue pakiti ileile uipeleke nyumba ya jirani. Mama anaikatia kabeji, anaongeza karoti, anawapakulia watoto watatu. Kila mtoto amepata gramu 40 za tambi, pungufu ya mlo ulioandikwa, na sodiamu miligramu 480 kutoka kwenye pakiti. Lakini asilimia za mahitaji ya siku zinazochapishwa pembeni kwa kawaida huhesabiwa kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka mitano hahitaji chumvi nyingi kama baba yake. Tena kama sufuria imeongezwa chumvi au mchemraba wa mchuzi, lebo ya tambi haina habari. Katika nyumba moja lebo ilitaja nusu ya kilicholiwa. Katika nyingine ilitaja kilichozidi sehemu ya kila mtoto.

Kwa hiyo naona mtengenezaji amepewa kazi isiyo yake. Mtengenezaji anajua kilichomo ndani ya pakiti. Hajui idadi ya walaji, na anapochapisha kipimo cha mlo anabahatisha kuhusu nyumba asiyoijua, kisha bahatisho lake linakuwa tarakimu inayosomwa kwanza. Marekani ilikutana na tatizo hili kwa upande wa vinywaji. Kwa kanuni za mwaka 2016, soda ya aunsi 20, takriban mililita 590, lazima ihesabiwe kuwa mlo mmoja, kwa sababu mtu huifungua na kuimaliza. Chile mwaka huohuo ilichukua njia nyingine: alama nyeusi ya pembe nane mbele ya pakiti, ikipimwa kwa gramu 100 au mililita 100, bila kujali mlo. Alama ya Chile ina faida kubwa kwa Gatina, maana inaonekana hata kupitia wavu. Lakini haimwambii mtu ni kiasi gani kimo ndani ya kile alichonunua.

Ningependa Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lidai jambo moja kwa pakiti ndogo, tuseme zisizozidi gramu 150 za chakula au mililita 600 za kinywaji: mbele ya pakiti iandikwe jumla ya sukari na chumvi ya pakiti nzima, kwa gramu, na chumvi iitwe chumvi badala ya sodiamu. Soda ya mililita 500 yenye gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100 ingesema gramu 53. Wenye viwanda watajibu kwamba watu hugawana. Ni kweli, na kugawa 53 kwa watu wawili ni rahisi kuliko kuanza na tarakimu ya mililita 100, kuirudisha kwenye chupa, kisha kuigawa.

Safu ya gramu 100 isifutwe hata hivyo. Ndiyo inayowezesha kulinganisha, na ndiyo pekee inayomfaa anayenunua mafuta ya kupima, kwa kuwa mafuta hayo humfikia bila lebo yoyote. Mafuta ya kupikia karibu yote ni mafuta matupu, kwa hiyo tarakimu ya chupa yoyote iliyofungwa inatosha: takriban kalori 900 kwa gramu 100. Mililita 100 za kupima zina uzito wa gramu 92 hivi, yaani kalori 830. Zikiishia kwenye sufuria moja ya sukuma wiki ya watu wanne, kila mmoja amepata kama kalori 200 za mafuta kabla hajagusa ugali.